Kurudisha zote, kupungua kila mwezi au mkopo unaojifuta: kifungu kipi cha bondi ya masomo kikufae?

Mara nyingi aya moja tu ndiyo hukwamisha. Mwajiri yuko tayari kulipa ada, mfanyakazi yuko tayari kusoma, barua ya chuo iko mezani, halafu inafikiwa ile aya inayosema itakuwaje akiondoka mapema. Mwajiri anaogopa kumsomesha mtu ili akamfaidishe mwingine. Mfanyakazi anaogopa kufungwa mguu. Nimeandika aya hizo kwa miaka mingi nikiwa ofisa utumishi, na nimewahi kukaa upande wa pili wa meza nikisaini ya kwangu, kwa hiyo woga wote wawili naujua.

Nitalinganisha namna tatu za kuiandika. Ya kwanza inamtaka anayeondoka arudishe gharama zote mpaka muda wa bondi uishe, yaani miezi aliyokubali kumtumikia mwajiri baada ya masomo. Ya pili inapunguza deni kila mwezi anaoutumikia. Ya tatu inazifanya gharama kuwa mkopo ambao mwajiri anaufuta kidogo kidogo. Zote zinatumika, zote nimeziona zikisimama na zikianguka, na kila moja ina mtu wake.

Tutazipima kwa nini

Kipimo cha kwanza ni hesabu ya siku ya kuondoka: anadaiwa kiasi gani, na hasa anadaiwa kiasi gani miezi michache kabla ya bondi kuisha. Watu wengi huangalia mwezi wa kwanza. Mimi huanzia mwisho, kwa sababu huko ndiko kifungu kibaya hujulikana.

Kipimo cha pili ni sababu za kuondoka. Mtu anaweza kuondoka kwa sababu amepata mshahara mnono kwingine, kwa sababu amepunguzwa kazi, au kwa sababu mshahara wake haujalipwa miezi mitatu. Je, kifungu kinazitofautisha?

Cha tatu ni kama kifungu kitasimama mbele ya msuluhishi au hakimu. Sheria za kazi hutofautiana nchi na nchi, lakini kuna mawazo mawili yanayojirudia sehemu nyingi. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, swali la kwanza ni kama kiasi kinachodaiwa ni fidia au ni adhabu. Uamuzi wa kesi ya Dunlop, unaonukuliwa kama wa mwaka 1915, uliweka kwamba kiasi kilichopangwa mapema kiwe makadirio ya kweli ya hasara, na ukaonya kwamba kiasi kilekile kikidaiwa kwa kosa dogo na kwa kosa kubwa, hiyo ni dalili ya adhabu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ililegeza kipimo hicho: sasa huulizwa kama kiasi kimezidi mno ukilinganisha na maslahi halali ambayo mwajiri alitaka kuyalinda. Ujerumani wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Huko mahakama kuu ya kazi huangalia kama sharti linamwonea mfanyakazi kupita kiasi, na likionekana linaonea huanguka lote. Jaji halipunguzi likae sawa. Mwajiri aliyetaka mengi mno hutoka mikono mitupu.

Cha nne ni ukusanyaji. Kifungu kizuri kwenye karatasi ambacho hakiwezi kukusanywa bila ugomvi hakijamsaidia mwajiri wala mfanyakazi.

Ili tusipotee, tuchukue kisa kimoja. Fundi sanifu wa maabara anasomeshwa stashahada ya miezi 12. Ada ni 4,200, mitihani 300, vitabu na vifaa 300. Jumla ni 4,800, kwa sarafu yoyote unayotumia. Bondi ni miezi 24 kuanzia mtihani wa mwisho. Anajiuzulu akiwa ametumikia miezi 21 kamili.

Namna ya kwanza: kurudisha zote

Maneno yake huwa hivi: "Mfanyakazi akijiuzulu, au akiachishwa kazi kwa kosa lake, kabla ya kutimia miezi 24 tangu mtihani wa mwisho, atarudisha gharama zote za masomo zilizoorodheshwa katika Jedwali A."

Uzuri wake ni wepesi. Hakuna kukokotoa, kila mtu anajua namba ni 4,800 na kwamba baada ya mwezi wa 24 hakuna kitu. Katika miezi ya mwanzo pia haimwonei mtu sana. Anayeondoka mwezi wa pili kwa kweli hajamrudishia mwajiri chochote, na tofauti ya namna hii na ile ya kupungua kila mwezi ni 400 tu.

Taabu inaanza baadaye. Fundi wetu wa miezi 21 anadaiwa 4,800, sawasawa na aliyeondoka kesho yake baada ya mtihani. Kazi ya miezi 21 haikuhesabiwa hata kidogo. Ndiyo hali ileile ambayo kesi ya Dunlop iliionya: kiasi kimoja kwa kosa kubwa na kwa kosa dogo. Wakili wa mfanyakazi hahitaji hoja ndefu, anaweka tarehe mbili na namba moja mezani.

Nilijifunza hilo vibaya. Kwenye kazi yangu ya zamani kifungu cha kurudisha zote nilikiandika mimi mwenyewe, na sikuambatanisha jedwali la gharama. Niliandika tu "gharama zote zinazohusiana na masomo." Dada mmoja akajiuzulu mwezi wa 21. Idara ya fedha ikajumlisha ada, ikaongeza nauli, ikaongeza mshahara wa siku alizokuwa kwenye mitihani, deni likafika 7,350. Alikuja ofisini kwangu na karatasi ile imekunjwa mara nne, akaifungua taratibu juu ya meza na kuweka kidole kwenye mstari wa nauli. "Kaka, hii nauli nayo nilisomea?" Sikuwa na jibu. Kwenye usuluhishi tuliulizwa maswali matatu: alisaini lini, alionyeshwa gharama hizi wapi, na miezi yake 21 imeingia wapi katika hesabu. Tulimaliza kwa makubaliano ya 600, baada ya kuhangaika kwa muda mrefu. Namba hiyo tungeweza kuiandika siku ya kwanza.

Hata hivyo nisiitupe namna hii. Bondi ikiwa fupi sana, tuseme miezi mitatu hadi sita baada ya kozi ya wiki chache, kukokotoa mwezi kwa mwezi hakubadilishi mengi na wepesi wake una faida. Inafaa pia kwa kipindi cha masomo yenyewe: mtu anayeacha kazi katikati ya kozi, kabla mwajiri hajapata chochote, ni haki arudishe kilicholipwa mpaka siku hiyo. Mikataba mingi mizuri huitumia kwa kipindi hicho tu, kisha huhamia kwenye namna ya pili mara mtihani wa mwisho unapokwisha. Na kama fedha zimetoka kwa mfadhili wa nje anayemdai mwajiri zote iwapo mtu ataondoka, mwajiri ana maslahi halisi ya kudai zote. Lakini aliandike sharti hilo la mfadhili ndani ya mkataba ili mfanyakazi alisome kabla ya kusaini.

Namna ya pili: kupungua kila mwezi

Maneno ninayopendelea ni haya: "Deni la marejesho ni gharama zilizolipwa kweli kwa mujibu wa Jedwali A, likipungua kwa sehemu moja ya ishirini na nne kwa kila mwezi kamili ambao mfanyakazi ameutumikia tangu tarehe ya mtihani wa mwisho. Baada ya mwezi wa 24 hakuna kinachodaiwa."

Hesabu yake ni ya mstari mmoja. Ukiita gharama G, miezi ya bondi M na miezi iliyotumikiwa m, basi Deni = G × (M − m) ÷ M. Kwa fundi wetu ni 4,800 × (24 − 21) ÷ 24, yaani 600. Kila mwezi unamfutia 200, na anaweza kuhesabu mwenyewe usiku kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu.

Mbele ya mwamuzi namna hii ina mwendo mzuri kwa sababu inafuata hasara yenyewe. Mwajiri alinunua elimu akitegemea miezi 24 ya matumizi. Amepata 21, amekosa mitatu, anadai ya mitatu. Hakuna anayeweza kusema kwamba ni adhabu bila kueleza ni kwa vipi.

Kuna toleo lake la ngazi za mwaka: nusu ya gharama inafutwa baada ya mwaka wa kwanza, nusu baada ya wa pili. Linaonekana la haki, lakini mweke fundi wetu humo. Akiwa mwezi wa 21 anadaiwa 2,400, deni lilelile la mtu wa mwezi wa 12. Na kuna jambo lingine ambalo waajiri huligundua kwa kuchelewa: watu hukaa mpaka ngazi ipite, kisha barua za kujiuzulu zinamiminika wiki moja. Ukipunguza kwa mwezi, hakuna tarehe ya kungoja.

Udhaifu wa namna ya pili ni kwamba katika miezi ya mwisho haimshiki mtu sana. Mwajiri mpya anaweza kulipa 600 bila kufikiri mara mbili. Baadhi ya waajiri hujaribu kuziba pengo hilo kwa kurefusha bondi iwe miaka mitano kwa kozi ya miezi michache. Hapo wanaharibu kilichokuwa kizima. Mahakama za Ujerumani zimejenga kipimo kinachosaidia hata mtu asiye huko, maana kimefikiriwa kwa makini: kwa masomo ya mpaka mwezi mmoja, bondi isizidi miezi sita, ya mpaka miezi miwili, mwaka mmoja, ya miezi mitatu hadi minne, miaka miwili, ya miezi sita hadi mwaka, miaka mitatu, na ya zaidi ya miaka miwili, miaka mitano. Kipimo hicho kinachukulia kwamba mfanyakazi ameruhusiwa kutoka kazini huku akilipwa mshahara. Anayesoma jioni kwa muda wake mwenyewe amempa mwajiri kingi zaidi, kwa hiyo bondi yake inapaswa kuwa fupi kuliko hapo. Kozi ya fundi wetu ni ya miezi 12, na miezi 24 iko ndani ya mpaka kwa raha.

Inamfaa mwajiri anayesomesha watu wengi na anayetaka kanuni moja isiyohitaji kujadiliwa upya kila mara. Inamfaa pia mfanyakazi asiyejua miaka miwili ijayo itamletea nini, na hao ndio wengi.

Namna ya tatu: mkopo unaojifuta

Hapa panakuwa na karatasi mbili. Mkataba wa ajira unabaki ulivyo, na pembeni kuna mkataba wa mkopo: "Mwajiri anamkopesha mfanyakazi gharama za Jedwali A bila riba. Siku ya mwisho ya kila mwezi wa kazi baada ya mtihani wa mwisho, mwajiri anafuta sehemu moja ya ishirini na nne ya mkopo. Ajira ikikoma kwa sababu zilizotajwa katika kifungu cha 5, salio litalipwa kwa awamu zisizopungua 12 za kila mwezi."

Kihesabu ni pacha wa namna ya pili: fundi wetu anabaki na salio la 600. Tofauti iko kwenye asili ya deni. Katika namna mbili za kwanza deni huzaliwa siku mtu anapoondoka, na ndiyo maana swali la adhabu hujitokeza. Hapa deni lilizaliwa siku ada ilipolipwa, na kuondoka kunasimamisha tu kufutwa kwake. Mdai anayedai salio la mkopo halisi ana kazi ndogo kuliko anayedai fidia. Lipo pia jambo dogo ninalolipenda: salio linaweza kuandikwa kwenye hati ya mshahara kila mwezi, 4,800, 4,600, 4,400, na mfanyakazi akaliona likishuka. Nimeona ugomvi mwingi ukiisha kabla haujaanza kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Lakini mkopo una makali yake. Kwa kuwa deni lipo tayari, kifungu kikikaa kimya linabaki hata pale kosa lilipo la mwajiri. Mtu akipunguzwa kazi mwezi wa tano, mkopo usiosema lolote unamwacha na deni la 3,800 na bila kazi. Kwa hiyo mkopo lazima useme kwa maneno yake wenyewe kwamba ajira ikikoma kwa sababu nyingine yoyote isiyo ya kifungu cha 5, salio linafutwa lote. Pia kuna mambo ya nje ya ajira: baadhi ya nchi huhesabu deni lililosamehewa kuwa kipato na kulitoza kodi, na nyingine zina sheria za ukopeshaji zinazomgusa hata mwajiri. Muulize mhasibu na mwanasheria kabla, kwa kuwa mfanyakazi akikatwa kodi ya mkopo aliodhani ni zawadi, lawama zitakuja kwako. Na usidhani kuita kitu mkopo kunatosha. Mwamuzi ataangalia kama kweli fedha zilikopeshwa, kama kuna ratiba ya kulipa, kama ada ilikuwa ya kozi halisi yenye cheti. Mkopo wa "mafunzo" ambayo ni wiki mbili za kuonyeshwa mfumo wa ofisi utaonekana ulivyo.

Unafaa gharama zinapokuwa kubwa, kama shahada ya uzamili au leseni ya kitaaluma ya miaka kadhaa, na pale wahusika ni wachache kiasi cha kila mmoja kukaa na mwanasheria. Kwa kozi ndogo ni mzigo wa makaratasi usio na sababu.

Sababu za kuondoka, kwa namna yoyote utakayochagua

Hapa ndipo vifungu vingi hufa, na vinakufa kwa neno moja: "akiondoka." Neno hilo linameza kila kitu. Linamkumba aliyejiuzulu kwa hiari, aliyepunguzwa kazi, aliyeugua, aliyeacha kazi kwa sababu mazingira yalikuwa ya hatari na malalamiko yake hayakusikilizwa. Mahakama kuu ya kazi ya Ujerumani imekataa mara nyingi vifungu visivyotofautisha sababu, na mwaka 2022 ilienda mbali zaidi: ilikataa kifungu kilichomdai mtu aliyejiuzulu kwa sababu, bila kosa lake, afya haikumruhusu tena kuifanya kazi ile.

Swali la kujiuliza ni hili: kilichomtoa kiko mikononi mwa nani? Ningeandika hivi: "Deni linadaiwa tu iwapo (a) mfanyakazi amejiuzulu kwa hiari yake bila sababu inayotokana na mwajiri, au (b) ameachishwa kazi kwa utovu mkubwa wa nidhamu uliothibitishwa kwa utaratibu wa kisheria. Halidaiwi iwapo ajira imekoma kwa kupunguzwa kazi, kwisha kwa mkataba ambao mwajiri hakuuongeza, ugonjwa au ulemavu, kifo, au kujiuzulu kunakotokana na mwajiri kukiuka wajibu wake, ikiwa ni pamoja na kutolipa mshahara."

Waajiri huniuliza kuhusu aliyefeli mtihani. Ushauri wangu ni kutomdai aliyejitahidi akafeli, kwa kuwa kufeli ni hatari ambayo mwajiri aliichukua alipomchagua. Aliyeacha kuhudhuria bila sababu ni mtu mwingine. Mwandikie mstari wake, na utaje mahudhurio yatakavyopimwa.

Kuna pia kozi ambazo hazipaswi kuingia kwenye bondi hata kidogo. Mafunzo ya usalama kazini, namna ya kutumia mashine ya mwajiri, yale ambayo sheria inamtaka mwajiri ayatoe: hayo ni gharama ya kuendesha kazi. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2019/1152 limeliweka wazi kwa nchi wanachama: mafunzo ambayo mwajiri anatakiwa na sheria au makubaliano ya pamoja kuyatoa ili kazi ifanyike ni bure kwa mfanyakazi na huhesabiwa kuwa muda wa kazi. Hata nje ya huko, bondi inasimama vizuri zaidi pale mfanyakazi anapobaki na kitu chake mwenyewe, cheti kinachotambulika hata kwa mwajiri mwingine.

Mistari midogo inayoamua kesi

Saa ianze lini? Nimeandika "tangu mtihani wa mwisho" kwa makusudi. Ukiandika "tangu kupata cheti," chuo kikichelewesha vyeti miezi minane, mfanyakazi amefungwa miezi minane ya bure kwa uzembe wa mtu mwingine. Na akisomeshwa mara mbili, sema kama bondi mbili zitakwenda sambamba au moja itasubiri nyingine. Nisikufiche, kusubiriana ndiko hugeuza miaka miwili kuwa sita bila mtu kukusudia, na mimi huandika ziende sambamba.

Jedwali A liambatanishwe na lisainiwe pamoja na mkataba, likiwa na kila gharama na kiwango chake cha juu. Kisicho ndani yake hakidaiwi. Usiweke mshahara wa kawaida wa siku alizofanya kazi, wala muda wa wasimamizi waliomwandikia barua.

Saini itangulie malipo na kuanza kwa masomo. Mpe siku saba au zaidi asome, na umwambie kwa maandishi kwamba anaweza kushauriana na mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria. Karatasi inayoletwa wiki ya tatu ya masomo, ada ikiwa imeshalipwa, ni shinikizo, na itasomwa hivyo.

Makato ndiyo mahali pa mwisho pa kuteleza. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949 unataka makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Kwa hiyo usiandike "mwajiri atakata deni lote kwenye mshahara wa mwisho." Andika "kwa kiwango kinachoruhusiwa na sheria, na kinachobaki kitalipwa kwa awamu." Na tafadhali usizuie cheti halisi cha mtu ili alipe. Nimeona vyeti vimefungiwa kabatini kama dhamana. Bila cheti mdaiwa hapati kazi, na bila kazi hana cha kukulipa.

Ukiwa katika hali hii

Kozi ni ya wiki chache na unaomba miezi mitatu hadi sita tu: kurudisha zote kunaweza kukutosha, mradi sababu za kuondoka zimetofautishwa.

Unasomesha watu kadhaa kila mwaka kwa astashahada na stashahada: kupungua kila mwezi ndiko rahisi kukutetea. Kwa kipindi cha masomo yenyewe weka mstari wa kurudisha kilicholipwa mpaka siku ya kuondoka.

Ni mtu mmoja au wawili, kozi ni ya miaka na gharama ni kubwa: fikiria mkopo unaojifuta, wenye mstari wa kufuta salio lote pale kosa si lake, baada ya kuuliza kuhusu kodi.

Wewe ndiye unayepewa karatasi usaini: jiweke mwezi mmoja kabla ya bondi kuisha na ukokotoe utadaiwa nini. Kisha jiweke umepunguzwa kazi mwezi wa tano na ukokotoe tena. Kama jibu lolote kati ya hayo mawili linakutia hofu, omba sentensi ibadilishwe kabla ada haijalipwa, maana siku hiyo bado mnahitajiana.

Una mkataba wa zamani wa kurudisha zote na mfanyakazi yuko katikati yake: usingoje ajiuzulu. Mwite, mpe nyongeza ya mkataba ya ukurasa mmoja inayogeuza deni kuwa la kupungua kila mwezi, huku miezi aliyokwisha kutumikia ikihesabiwa yote tangu mtihani wa mwisho, msaini wote wawili na kila mmoja abaki na nakala.